Bango la ofa za sikukuu: moja la wote, au moja kwa kila sikukuu?

Mwenye duka la vyombo na mashuka katikati ya Kisumu, tuseme hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga, huwauzia watu wa kila dini ndani ya siku moja. Anaingia mama Muadventista aliyetoka Kendu Bay kutafuta thamosi, anafuata kijana Muislamu anayetaka birika na mkeka, kisha familia ya Kigujarati inayonunua sinia za chuma kisichoshika kutu kwa dazeni. Msimu wa sikukuu ukikaribia, mwenye duka humwendea msanifu na ombi ambalo sisi tunaotengeneza mabango tumelizoea: "Nitengenezee bango la ofa. Liwe na taa zinazong'aa, zawadi, na familia imekusanyika."

Ombi ni zuri, ila linaacha jambo moja wazi. Je, liwe bango moja la kuwafaa wote, lenye salamu ya "Sikukuu njema", au kila sikukuu ipate lake? Nitaziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, kisha nitaeleza ya tatu, ambayo ndiyo ningemshauri mwenye duka wa aina hii aifuate.

Kwanza kalenda

Bango la wote lina mvuto wake. Linachapishwa mara moja, linatundikwa, na fedha za kuchapisha hazitoki tena. Lakini tazama kalenda ya 2026. Idd-ul-Fitri inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, Diwali ni tarehe 8 Novemba, na Krismasi iko pale pale, 25 Desemba. Bango lenye mwezi mwandamo, kibatari cha Diwali na mti wa Krismasi kwa pamoja litakuwa limekosea kwa theluthi mbili siku yoyote utakayolitundika. Mwezi Novemba Muislamu atalitazama na kuona salamu ya Idd iliyopita zamani, au itakayofika mwakani.

Sababu ni kwamba mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Idd hurudi nyuma kila mwaka, ilhali Diwali haitoki katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Kuna miaka ambapo sikukuu hizi zilikaribiana kweli: mwaka 2005 Diwali ilikuwa tarehe 1 Novemba na Idd-ul-Fitri ikaja siku mbili tatu baadaye. Mwaka huo bango la pamoja lingekuwa na mantiki. Kalenda ya Kiislamu itakutana pia na Krismasi, lakini kwa namna nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza siku zile zile za Krismasi, na hapo Waislamu watakuwa wanafunga, hawatakuwa wanasherehekea. Meza iliyojaa vyakula mchana kweupe haitawafaa hata kidogo.

Kwa hiyo kwa upande wa kalenda bango la kila sikukuu linashinda wazi, isipokuwa kwa kipindi kimoja: wiki zinazoanza na Diwali na kuishia Mwaka Mpya. Hapo sikukuu za jamii mbili zinafuatana kwa karibu, na bango la wote linaweza kujitetea.

Jambo moja dogo ambalo halipaswi kusahaulika ni kuandika tarehe ya Idd. Usiiandike. Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, na bango lililochapishwa wiki mbili mapema likisema "Ofa hadi Ijumaa, siku ya Idd" linaweza kuumbuka usiku wa mwisho. Andika "hadi mkesha wa Idd", na kila mtu ataelewa.

Taa ndiyo inayosema bango ni la nani

Zawadi ni zawadi kila mahali, na familia ni familia. Taa ni jambo jingine. Mtu anayepita akiwa kwenye bodaboda hana muda wa kusoma salamu, lakini umbo la taa humwambia papo hapo ni sikukuu gani. Kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Fanusi ya Ramadhani ni taa ya bati na vioo vya rangi, yenye kuba juu, pembe za kando na pete ya kuning'inizia. Desturi yake inajulikana zaidi Misri, na kutoka huko imeenea hadi kwenye mapambo ya Waislamu sehemu nyingi za dunia. Ukiichora, weka vioo vya rangi tatu au nne na nuru itoke ndani. Ukiiacha fanusi tupu bila nuru, inageuka pambo la hoteli.

Taa ya Diwali ni diya, kibatari kidogo cha udongo, chenye utambi wa pamba uliolowa samli au mafuta. Hakining'inizwi. Kinawekwa chini: kizingitini, kwenye ngazi, kando ya rangoli, ambayo ni maua na maumbo yanayochorwa sakafuni kwa unga wa rangi. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuchukua picha ya fanusi, kuibadilisha rangi iwe ya machungwa, na kuandika chini yake "Happy Diwali". Mteja wa Kigujarati hahitaji kuambiwa. Ipo pia taa ya karatasi inayotundikwa nje wakati wa Diwali, maarufu zaidi kwa watu wa Maharashtra, lakini kwa wateja wengi wa Kihindi wa Kisumu, ambao asili yao ni Gujarat, diya mlangoni pamoja na toran, lile pambo la majani au kitambaa linalofungwa juu ya mlango, husema zaidi.

Krismasi taa yake ni nyota. Nyota ya karatasi yenye balbu ndani inatosha, au kamba ya taa ndogo juu ya mlango wa nyumba. Theluji haina kazi Kisumu.

Sasa upande wa pili: je, ipo taa ya kuwafaa wote? Ipo, na wengi wanaisahau kwa sababu wanaiona kila siku. Ni kandili, taa ya mafuta yenye kioo cha chemni na mshikio wa waya. Kila nyumba ya mashambani kutoka Siaya hadi Kakamega inaifahamu, na haimilikiwi na dini yoyote. Imechorwa vizuri, ikining'inia kwenye tawi la mwembe huku jamaa wamekaa chini yake, inamkumbusha Muislamu wa Mumias na Mkristo wa Bondo nyumbani kwao wote wawili. Tahadhari yake ni moja: kandili peke yake kwenye giza husomeka kama "stima imepotea". Iwekee kamba za vitambaa vya rangi, zing'arishe nyuso za watu, na weka kandili mbili au tatu badala ya moja. Hapo inakuwa sherehe.

Jambo ambalo ningelipinga kwa nguvu ni kuzirundika taa zote katika bango moja: fanusi kushoto, diya katikati, nyota kulia. Nia yake ni kumheshimu kila mtu. Matokeo yake ni kwamba kila mmoja anaona alama yake imegeuzwa mojawapo ya vidoa vya mapambo. Bango la wote likitaka kufaulu, liwe na taa moja isiyo ya dini yoyote.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mwezi: picha nyingi za mtandaoni huonyesha mwezi mwandamo umesimama wima, pembe zikielekea kando. Hapa Kisumu, karibu kabisa na ikweta, mwezi mchanga unaoonekana magharibi jua likitua hulala chali kama mashua. Mzee anayetoka kuutafuta mwezi huo kila mwaka ataona umechorwa na mtu anayeijua anga yake. Ni kazi ya dakika moja kuuzungusha.

Familia imeketi kwenye meza ya nani?

Mama mmoja mwenye duka la mashuka, alipoletewa rasimu yenye familia imevaa sweta nzito kando ya moto, alimuuliza msanifu: "Sasa kaka, hawa ni jamaa za nani?" Swali lake ndilo la kuuliza kila rasimu.

Katika bango la kila sikukuu, jibu huwa rahisi kwa sababu meza inajulikana. Familia ya Kiislamu wakati wa Ramadhani inakutana magharibi, mbele yao kuna tende, uji, sambusa na maji, na dirishani jua limekwisha kuzama. Usichore mtu anakula huku mwanga wa mchana ukionekana nje. Ikiwa bango ni la Idd yenyewe, basi ni asubuhi, kanzu na kofia mpya, watoto wanapewa Idi, na mlango uko wazi kwa jirani. Familia ya Kihindi siku ya Diwali haina nyama mezani. Weka ladu, barfi na chevdo, na viatu vibaki mbali na diya. Familia ya Krismasi ya huku kwetu haihitaji bata mzinga. Ina chapati, kuku, soda, viti vya plastiki vilivyoazimwa, mabegi ya waliofika asubuhi kutoka Nairobi na Nakuru, na nyanya anayefunguliwa leso mpya.

Chupa za pombe ziondolewe katika mabango yote. Si Waislamu pekee watakaoshukuru, makanisa mengi ya Nyanza na Magharibi yanafundisha kujiepusha nayo. Na mkono unaotoa zawadi uwe wa kulia, au mikono yote miwili. Picha za kununua mtandaoni hazijali jambo hili, na ukizigeuza kioo ili zitoshee upande wa bango, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto bila wewe kutambua.

Bango la wote hapa ndipo linapopata tabu. Ukiweka mwanamume mwenye kofia, mwanamke mwenye sari na mtoto mwenye kofia nyekundu ya Krismasi kwenye meza moja, bango linaanza kufanana na tangazo la mkutano wa amani, na mtu anajiuliza chakula kile kilipikwa na nani. Meza ya chai huondoa tatizo hilo. Chai ya maziwa, mandazi, ndizi na karanga huliwa na wote. Nguo zikiwa za heshima bila kuwa sare ya dini, familia hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote anayepita pale.

Kati ya picha halisi na mchoro, mimi huelemea mchoro kwa bango la wote na picha kwa bango la sikukuu moja. Mchoro unaruhusu sura zisizomfunga mtu kwenye kabila au dini. Picha ina ukweli ambao mchoro hauna, lakini ina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia sura yake kibiashara, na kwa mtoto idhini hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Si vitisho vya karatasi: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo ukipiga picha familia ya jirani siku ya Idd, waandikiane saini, karatasi ieleze bango litatundikwa wapi na kwa muda gani, na nakala moja ibaki nyumbani kwao.

Zawadi, bei, na salamu

Hapa kila sikukuu ina siku zake za kununua, na siku hizo hazifanani. Kwa duka la vyombo, siku kuu ya Diwali kibiashara si Diwali yenyewe. Ni Dhanteras, siku mbili kabla, ambapo familia nyingi za Kihindi hununua chombo kipya cha chuma kisichoshika kutu, shaba au fedha kwa ajili ya baraka za mwaka. Mwaka 2026 inaangukia Ijumaa, 6 Novemba. Bango linalosema "Ofa ya Diwali, 7 hadi 15 Novemba" limekosa siku ambayo sinia na bilauri zingetoka zenyewe. Zawadi zinazochorwa katika bango hilo ziwe vyombo vinavyong'aa na masanduku ya peremende, kuliko maboksi yenye utepe mwekundu na kijani ambayo macho yote huyasoma kuwa ya Krismasi.

Kwa Idd, ununuzi hupamba moto katika siku 10 za mwisho za Ramadhani, hasa usiku baada ya swala ya tarawehe. Kwa hiyo bango la Idd linapaswa kuandika saa za kufunga duka kwa herufi kubwa kuliko hata asilimia ya punguzo. Kwa Krismasi, wanunuzi wa huku ni wale wanaoteremka kituoni wakielekea vijijini kuanzia karibu tarehe 20 Desemba, na wanataka kitu kinachobebeka kwenye bodaboda. Thamosi na shuka vinauzika, kabati la vyombo haliuziki.

Bango la wote haliwezi kubeba mambo haya. Linaweza tu kusema "Ofa za sikukuu", na mteja afike ndipo aulize.

Lakini kuna mtego unaowanasa wa pande zote mbili: ofa ya siku moja. "Jumamosi pekee" inawafungia nje Waadventista, na huku Nyanza na Kisii ni wengi sana, maana kanisa lao lilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906. Sabato yao huanza Ijumaa jua likitua na kuisha Jumamosi jua likitua. "Ijumaa saa sita hadi saa nane" nayo inawafungia nje Waislamu walio kwenye swala. Ofa ikienda siku tatu mfululizo pamoja na siku moja katikati ya wiki, hakuna anayeachwa.

Salamu na bei zitenganishwe. Hili ndilo jambo ambalo heshima huonekana au hukosekana waziwazi. Salamu ikae juu pamoja na taa, bei zikae chini au kando, na kati yao pawe na nafasi tupu. Usibandike kile kidude cha mlipuko chenye "-30%" juu ya mwezi, diya au nyota. Usitumie aya ya Qurani, jina la Mungu, picha ya miungu ya Kihindu kama Lakshmi au Ganesh, wala msalaba. Sababu si woga tu. Bango la karatasi hudondoka, hunyeshewa, hufungiwa njugu na kukanyagwa, na jina takatifu halipaswi kufika huko. "Idd Mubarak", "Shubh Diwali" na "Krismasi njema" zinatosha, zote kwa herufi za Kilatini. Ukiamua kuandika Kiarabu, fahamu kwamba programu isiyowekewa mpangilio wa lugha hiyo huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa asiyejua kusoma zinaonekana nzuri tu. Kwa anayejua, ni vipande visivyosomeka. Kigujarati nacho huharibika hivyo hivyo, alama za irabu zinaruka mahali pake. Dawa ni moja: msomaji wa lugha ile aione rasimu ya mwisho ikiwa tayari kwenye faili la kuchapisha, kwa sababu maandishi yaliyokuwa sawa kwenye simu yanaweza kuvurugika yakinakiliwa.

Na siku zisizo za furaha ziheshimiwe kama zilivyo. Ijumaa Kuu ni siku ya maombolezo kwa Wakristo, kwa hiyo ofa ya Pasaka ianze na Pasaka. Ramadhani ni mwezi wa ibada, hivyo "Sherehekea Ramadhani kwa bei poa" haikai sawa. "Ramadhani Karim, tuko wazi hadi usiku" inakaa.

Kuhusu bei yenyewe sitakaa sana. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Kama thamosi ilikuwa 1,500 na sasa ni 1,200, andika bei hizo mbili. "Punguzo hadi asilimia 50" huku nusu bei ni ya vikombe vilivyopasuka pekee ni uongo, na kuuandika chini ya salamu ya dini kunauzidishia ubaya.

Nuru ya taa ikifika kwenye karatasi

Mabango haya yote yana shida moja ya uchapaji: taa inayong'aa kwenye skrini huzimika ikichapishwa. Skrini hutoa mwanga wake, karatasi na flexi, ile turubai ya plastiki ya mabango, huazima mwanga wa jua. Rangi ya machungwa kali na dhahabu ya skrini haipo katika wino nne za kawaida, na mchapaji akiigeuza kwenda CMYK, yaani wino hizo nne, inatoka haradali au kahawia. Dhahabu ya kweli hupatikana kwa wino au karatasi maalumu tu.

Usifukuzane na dhahabu. Tengeneza nuru kwa tofauti: kiini cha taa kiwe cheupe kabisa, yaani karatasi tupu, kizungukwe na njano safi, kisha machungwa, kisha usuli mzito. Usuli wa usiku uwe wa samawati iliyokolea au zambarau kuliko nyeusi ya wino zote nne. Nyeusi hiyo ikizidi, karatasi ya kawaida hulowa, hukunjamana na kushikamana na nyingine. Chapisha kipande cha A4, kibandike ukutani nje saa sita mchana, vuka barabara, utazame. Ukiiona taa kabla ya kuona kitu kingine, endelea. Ukiona weusi kwanza, punguza.

Jua la Kisumu nalo lina kauli. Njano na majenta hupauka kabla ya samawati, na bango lililokaa miezi mitatu kwenye dirisha linaloelekea magharibi hugeuka buluu, nyuso za familia zikiwemo. Hii ni hoja nyingine dhidi ya bango moja la kukaa kuanzia Oktoba hadi Januari: ikifika Krismasi, taa zake zimekwisha pauka.

Herufi nazo zipimwe kwa umbali. Herufi ya urefu wa sentimita 2.5 inasomeka kwa raha kutoka kama mita 3. Mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 12, anahitaji sentimita 10. Kwa hiyo kinachosomwa kutoka mbali kiwe kimoja tu, ama salamu ama jina la duka.

Ningechagua nini

Duka linalouza kitu kisicho na sikukuu, kama simu au vipuri vya pikipiki, lichukue bango la wote lenye kandili na meza ya chai, litundikwe kuanzia baada ya Diwali hadi Mwaka Mpya, basi. Duka la nguo za Kiislamu au la peremende za Kihindi halina cha kuchagua, lichapishe la sikukuu yake na liweke nguvu zake zote humo.

Duka la vyombo na mashuka liko kati, na hapo ndipo ile njia ya tatu inapofaa: fremu moja, uso unaobadilishwa. Chukua flexi ya mita 2 kwa mita 1. Upande wa kushoto weka jina la duka, mahali, namba ya simu, na orodha ya bidhaa ikiwa na visanduku vyeupe vya kubandikia bei. Upande wa kulia acha nafasi ya ukubwa wa A1, yaani sentimita 59.4 kwa 84.1, imesimama wima. Juu na chini yake zitabaki karibu sentimita 8. Uso wa sikukuu, wenye taa, familia na salamu peke yake, unachapishwa kwenye flexi ya A1 na kufungwa kupitia pete za chuma kwenye pembe nne. Kwa ukubwa huo, faili la pikseli 3500 kwa 5000 hivi linatosha kutazamwa kutoka barabarani.

Faida yake inahesabika. Mabango matatu kamili ya mita 2 kwa 1 ni mita za mraba 6. Fremu moja na nyuso tatu za A1 ni mita za mraba 3.5, kwa sababu A1 ni nusu mita ya mraba, na flexi hutozwa kwa eneo. Zaidi ya hapo, uso usio na mwaka wala tarehe unahifadhiwa ndani, mbali na jua, na kurudishwa sikukuu ijayo. Bei zisiwepo kwenye uso. Hilo linaokoa fedha, na linatekeleza pia ule utengano wa salamu na biashara bila mtu kulazimika kuukumbuka.

Udhaifu wake ni kwamba rangi za fremu zinapaswa kupatana na nyuso zote. Nyekundu na kijani zitaivuta fremu upande wa Krismasi, kijani na nyeupe upande wa Idd. Samawati iliyokolea na rangi ya maziwa hazimvuti mtu. Kwa simu, uso huo huo upangwe upya kwa pikseli 1080 kwa 1920 za WhatsApp Status, bei zikija kwenye picha ya pili, na faili la mchapaji litumwe kama hati, kwa maana likitumwa kama picha WhatsApp hulibana na nyuso hutoka na ukungu.

Kwa duka letu la Oginga Odinga, mwaka 2026 ungeenda hivi. Uso wa Idd upande katika siku 10 za mwisho za Ramadhani, mwezi Machi, na ushuke siku chache baada ya Idd. Uso wa Diwali upande katikati ya Oktoba, visanduku vya bei vikionyesha sinia na bilauri hadi Dhanteras, na ushuke baada ya mwaka mpya wa Kigujarati unaofuata Diwali. Uso wa Krismasi upande mwanzoni mwa Desemba. Katikati, kuanzia nusu ya pili ya Novemba, nafasi ya kulia ikae na uso wa nne, wa kandili na chai, ambao pia ndio utakaorudi Januari wazazi wakitafuta mashuka na thamosi za watoto wanaorejea shule za bweni.